Pasipoti ya pili: ni lini Mkenya hupoteza uraia wake?

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wakazi. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nianze kwa kuweka jambo moja wazi. Uraia si kazi ya serikali ya kaunti. Ni kazi ya serikali ya kitaifa, kupitia Idara ya Uhamiaji. Lakini maswali hufika kwetu, kwa sababu huku Kwale karibu kila familia ina mtu aliyevuka mpaka pale Lunga Lunga akaolewa ng'ambo, au aliye Uingereza, Ujerumani au nchi za Ghuba. Swali linaloulizwa zaidi ni hili: "Dada yetu amechukua pasipoti ya huko. Je, bado ni Mkenya?"

Jibu linategemea mambo matatu: alipataje uraia wa Kenya, alichukua lini uraia wa pili, na aliweka sahihi kwenye karatasi gani alipouchukua. Mengine tutakayosema leo yanatokana na hayo.

Tuanze na tarehe. Katiba ya sasa ilianza kutumika tarehe 27 Agosti 2010. Kabla ya siku hiyo, Katiba ya zamani ilikuwa na kifungu cha 97 kilichosema kwamba Mkenya aliyetimiza miaka 21 akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, uraia wake wa Kenya unakoma. Hakuhitaji kuandikiwa barua wala kufikishwa mahakamani. Siku aliyopata uraia mpya ndiyo siku aliyopoteza ule wa zamani, hata kama pasipoti yake ya Kenya ilikuwa bado kabatini.

Wanaofuatilia riadha watamkumbuka Leonard Mucheru. Mwaka wa 2003 alianza kuikimbilia Bahraini, akachukua uraia wa huko na jina la Mushir Salem Jawher. Januari 2007 alishinda mbio za marathoni za Tiberia nchini Israeli. Bahraini haikufurahishwa, na viongozi wa riadha wa huko wakatangaza kwamba anavuliwa uraia. Hebu fikirini hali ile. Kwa Katiba ya wakati huo, uraia wa Kenya ulikuwa umekoma alipochukua wa Bahraini, na sasa ule wa Bahraini nao ulikuwa unaondoka. Ndivyo mtu anavyoweza kubaki mlangoni, nje si kwake na ndani si kwake.

Kifungu cha 16 cha Katiba ya sasa kilibadilisha hayo. Kinasema kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Angalieni neno "kuzaliwa". Raia wa kuzaliwa ni yule ambaye, siku aliyozaliwa, mama au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe alizaliwa Msambweni au Manchester. Yule aliyepata uraia kwa kuandikishwa, kwa mfano kupitia ndoa au kwa kuishi hapa miaka mingi, hakutajwa katika kinga hiyo. Huyo asichukue uraia mwingine kabla ya kuuliza Idara ya Uhamiaji.

Sasa tuchukue mfano wa familia moja. Ni mfano tu, lakini wengi mtaona unafanana na mambo ya kwenu.

Dada mkubwa alizaliwa Kwale na wazazi Wakenya. Alikwenda Uingereza, akaapishwa kuwa raia wa huko Machi 2006. Mdogo wake wa kiume alimfuata, yeye akaapishwa mwaka wa 2014. Uingereza haimlazimishi mtu kuacha uraia wake wa kwanza, kwa hiyo hakuna aliyeambiwa aweke sahihi ya kuukana Ukenya. Wote wawili wanarudi nyumbani kila Desemba, na wote bado wana vitambulisho vya Kenya.

Kisheria hawalingani. Kaka bado ni Mkenya, kwa sababu alichukua uraia wa pili baada ya Agosti 2010. Dada si Mkenya mpaka aurudishe uraia wake, kwa sababu aliuchukua wa pili chini ya Katiba ya zamani. Kile kitambulisho kilicho kwenye mkoba wake hakibadilishi jambo hilo. Tarehe ya kutazama ni ile iliyo kwenye cheti cha uraia alichopewa Uingereza. Asitazame tarehe ya pasipoti, kwa sababu pasipoti huweza kutolewa miezi au miaka baadaye.

Habari njema kwa dada ni kwamba Katiba haikumfungia mlango. Kifungu cha 14 kinampa haki ya kuurudishiwa uraia wake akituma maombi. Maombi hayo hupitia Idara ya Uhamiaji kwenye mtandao wa eCitizen, na aliye ng'ambo anaweza kupata msaada katika ubalozi wa Kenya. Ataonyesha kwamba alikuwa raia wa kuzaliwa, kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho au pasipoti ya zamani, na ataonyesha pia uraia alionao sasa. Lakini kumbukeni kwamba ni lazima aombe. Uraia haukurudi wenyewe Katiba ilipobadilika, na hapa ndipo wengi wanapokosea.

"Kwani akichelewa kuna hasara gani?" Kuna mbili ambazo ningependa mzichukue nyumbani.

Ya kwanza ni watoto. Tuseme dada ana mtoto aliyezaliwa 2008 na mwingine aliyezaliwa 2013, na baba yao ni Mwingereza. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya Katiba ya sasa, Kifungu cha 14 kinakubali mzazi ambaye "ni" raia au "alikuwa" raia. Yule wa 2008 ana njia, kwa sababu mama yake alikuwa raia. Kwa aliyezaliwa baada ya Katiba, kifungu kinataka mzazi awe raia siku ile mtoto alipozaliwa. Mwaka wa 2013 mama huyu alikuwa bado hajarudisha uraia. Kwa hiyo mtoto wa pili ana shida ambayo ndugu yake hana, na wote wametoka tumbo moja. Anayetarajia kupata watoto asingoje.

Ya pili ni shamba. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia anaweza kumiliki ardhi ya Kenya kwa kukodi peke yake, na kwa muda usiozidi miaka 99. Hawezi kuwa na umiliki wa kudumu. Kwa hiyo baba akiaga dunia na shamba la Matuga likagawanywa, kaka aliye raia wa nchi mbili anarithi kama Mkenya mwingine yeyote. Dada ambaye hajarudisha uraia wake anahesabiwa kama mgeni. Tunajua mambo ya ardhi yanavyogawanya familia. Msimpe mtu sababu ya kumwambia ndugu yake "wewe si wa hapa" huku ameshika sheria mkononi.

Turudi kwa kaka. Yeye hakupoteza kitu, lakini ana wajibu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka wa 2011 inamtaka mtu atangaze uraia wake wa pili kwa Idara ya Uhamiaji katika muda wa miezi 3 tangu aupate. Kutotangaza ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Asiyetangaza havuliwi uraia kwa sababu hiyo, lakini amejiweka katika kosa la jinai bila sababu.

Na kama kaka anawaza kurudi kuwania kiti, ajue kwamba Kifungu cha 78 hakimruhusu ofisa wa serikali kuwa na uraia wa nchi mbili. Gavana, mawaziri wa kaunti na hata mwakilishi wadi wamo. Akichaguliwa, lazima aukane rasmi ule wa nje kabla ya kushika ofisi. Isipokuwa kama ni uraia aliopewa na sheria ya nchi ile bila ya yeye kuweza kuukataa.

Sasa tufike mpakani. Katika familia ile ile yuko binamu aliyeolewa Tanga. Ni Mkenya wa kuzaliwa, na anataka uraia wa Tanzania ili mambo yake yawe rahisi. Amesikia kwamba Katiba ya Kenya inaruhusu nchi mbili, kwa hiyo haoni hatari.

Hatari ipo, lakini inatoka upande wa pili. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ili awe Mtanzania, atatakiwa kuukana Ukenya. Na Kifungu cha 16 kinamkinga anayepata uraia mwingine, lakini hakimkingi anayekana kwa sahihi yake mwenyewe. Tamko la kuukana uraia likishasajiliwa na Kenya, amekoma kuwa raia. Kwa hiyo kabla ya kuanza, aulize kama kibali cha kuishi kama mke wa Mtanzania hakimtoshi. Kibali hakimwondolei Ukenya.

Na maneno "Jumuiya ya Afrika Mashariki" yaliyoandikwa kwenye pasipoti yetu yasimdanganye mtu. Pasipoti ile hutolewa na Kenya kwa Mkenya. Hakuna uraia wa Afrika Mashariki.

Nchi nyingine nazo zina masharti yao, na masharti hubadilika. Ujerumani kwa miaka mingi iliwataka wageni wengi waache uraia wao wa kwanza. Tangu tarehe 27 Juni 2024 haiwataki tena. Aliyeambiwa jambo na rafiki miaka mitano iliyopita na aulize upya.

Kwa hiyo mkizungumza kwa simu na mtu wenu leo jioni, mwulizeni maswali matatu. Je, ulikuwa raia wa kuzaliwa au wa kuandikishwa? Cheti chako cha uraia wa huko kina tarehe gani, kabla au baada ya 27 Agosti 2010? Na je, uliweka sahihi popote ya kuukana uraia wa Kenya? Akishajibu hayo, mtajua kama kazi iliyobaki ni kutangaza, ni kuomba kurudishiwa, au ni kutafuta wakili.

Na aliye na karatasi ya kigeni mbele yake, asiitie sahihi mpaka ajue kama ndani yake kuna neno "kukana".

Sasa tuchukue maswali, tukianza na akina mama.