Nguo Kavu Ndizo Akiba ya Mpanda Mlima

Haya ni maneno ya kiongozi wa chama kimoja cha wapanda milima, aliyowaambia wanachama wapya waliokuwa wakijitayarisha kwa safari yao ya kwanza ya Mlima Kenya, kwa njia ya Naro Moru.

Kiongozi alianza kwa kuwaeleza njia yenyewe. Siku ya kupanda, wataondoka Kituo cha Hali ya Hewa, penye urefu wa meta 3,050 juu ya bahari, na kufika Kambi ya Mackinder, penye meta 4,200. Mwendo huo huchukua saa tano au sita. Kwa kadiri, kila meta 100 za kupanda hupunguza joto kwa nusu digrii na kuzidi kidogo. Kwa hiyo kambini patakuwa na baridi zaidi kwa digrii kama saba kuliko walikotoka, na usiku maji huganda. Katikati ya njia pana kinamasi kirefu, na mvua hupenda kunyesha alasiri.

“Watu wengi hudhani kwamba adui ni baridi,” alisema. “Adui ni baridi iliyoshirikiana na maji. Nguo iliyolowa huondoa joto mwilini upesi mno kuliko nguo kavu.”

Alitoa mfano. Tuseme mtu ameondoka asubuhi amevaa fulana ya pamba, suruali ya jinzi na sweta nzito. Msituni atatoka jasho, na fulana italowa. Akifika kinamasini, suruali itanyonya maji mpaka magotini. Saa nane mvua itamkuta mahali palipo wazi, penye upepo. Koti lake la mvua limo katika mzigo wa mchukuzi, naye mchukuzi ametangulia mwendo wa saa nzima. Mtu huyo hajafanya jambo la ajabu hata moja, lakini sasa yu hatarini.

Kwa sababu hiyo, kila mtu avae mwilini fulana ya sufu au ya nyuzi za viwandani, ambayo haishiki maji kama pamba. Juu yake iwepo sweta, na juu ya yote koti lisilopenya maji wala upepo. Sweta ivuliwe kabla ya kuanza kupanda, ivaliwe mara tu watu wanaposimama kupumzika. “Anayeondoka akiona baridi kidogo,” alisema, “huyo ndiye aliyevaa barabara.”

Kuhusu viatu, aliwaonya wasivae buti mpya siku ya safari, bali wazitembelee majuma kadhaa kwanza. Buti zijaribiwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, pamoja na soksi nene. Mguu ukisukumwa mbele kabla ya kufunga kamba, kidole kimoja cha mkono kipate nafasi nyuma ya kisigino. Zikibana, vidole vitagonga mbele wakati wa kuteremka, na kucha zitaumia.

Mchukuzi anaweza kubeba chakula cha kambini na mfuko wa kulalia. Lakini koti la mvua, sweta, kofia ya sufu, glavu, tochi, maji lita mbili na chakula cha njiani havitoki katika shanta ya mwenyewe. Chupa iwe ya kutumika tena na tena, kwa kuwa tangu mwaka 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa.

Ndani ya shanta iwemo pia nguo kamili ya kulalia, yaani fulana, suruali, soksi na sweta ya pili, imefungwa katika mfuko mgumu usiopenya maji. Nguo hiyo haivaliwi njiani. Ikiwa asubuhi mvua ingali inanyesha, mtu hana budi kuvaa tena fulana yake yenye unyevu, ingawa inachukiza, na kuirudisha ile kavu mfukoni. Akivaa ile kavu nayo ikalowa, hana akiba.

Mwisho aliwataka waangaliane, maana aliyeshikwa na baridi aghalabu hajitambui. Kwanza hutetemeka, kisha vidole hushindwa kufunga vifungo, hujikwaa, na maneno yake huwa mazito kama ya mlevi. Akiacha kutetemeka hali bado ana baridi, hali imezidi kuwa mbaya. Wenzake wamkinge na upepo, wambadilishe nguo zilizolowa, wamwingize katika mfuko wa kulalia na kumweka juu ya kitu kisichopitisha baridi ya ardhi. Kama anaweza kumeza vizuri, wampe chai yenye sukari nyingi, wala wasimpe pombe.

“Hapo ndipo ule mfuko mgumu hufunguliwa njiani,” alisema, “wala si kwa sababu nyingine.”

Kisha aliwaagiza wanachama waje na shanta zao zilizopangwa siku mbili kabla ya safari. Zitafunguliwa na kukaguliwa, na asiye na nguo kavu hataondoka.