Shilingi 1,008 za Dereva: Kumweleza Mfanyakazi Makato ya NSSF ya Februari 2025



Mwishoni mwa Februari 2025 dereva mmoja aliingia ofisini mwangu na hati mbili za mshahara, ya Januari na ya mwezi huo. Alizitandaza mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa kila moja. Januari alipokea shilingi 46,320. Februari, 45,312. Mshahara wake kabla ya makato ulikuwa ule ule, 60,000. Akaniuliza, "Bwana mhasibu, elfu moja na nane yangu imeenda wapi?"

Tangazo nilikuwa nimelibandika wiki mbili mapema: awamu ya tatu ya Sheria ya NSSF ya 2013 imeanza, makato yatabadilika. Kila neno lilikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomjibu.

Nilianza na kikomo, kwa kuwa ndicho kilichobadilika. NSSF huchukua asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 nyingine kwa mwajiri, lakini si ya mshahara wote, ni ya sehemu iliyo chini ya kikomo. Hadi Januari kikomo kilikuwa 36,000, kwa hiyo dereva alikatwa 2,160, na zile 24,000 za juu hazikuguswa. Februari kikomo kilipanda hadi 72,000. Mshahara wake wote ukaingia ndani, akakatwa 3,600. Nyongeza ni 1,440.

Hapo ndipo wengi wetu wa idara za mishahara tunanyamaza, na hapo ndipo mfanyakazi makini anatushika. Kama makato yamepanda 1,440, mbona mkononi zimepungua 1,008 tu? Jibu liko kwenye kodi. PAYE hupigwa kwa kiasi kinachobaki baada ya kuondoa NSSF, SHIF na ada ya nyumba. SHIF yake ilibaki 1,650 na ada ya nyumba 900. NSSF ilipopanda, kiasi kinachotozwa kodi kilishuka kutoka 55,290 hadi 53,850. Shilingi zake za juu hutozwa asilimia 30, basi kodi ikapungua 432. Toa 432 kwenye 1,440, unabaki na 1,008 zake.

Naomba tuishike hesabu hii, kwa sababu ndiyo pia kipimo cha kazi yetu. Ukikuta mtu wa 60,000 amepungukiwa 1,440 kamili, mtambo wenu umepiga kodi kabla ya kutoa NSSF. Mfanyakazi huyo hahitaji maelezo. Anadai 432 zake, na ni haki yake kurudishiwa.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kuwapa watu wote tangazo moja. Mama anayefanya usafi kwetu, mwenye mshahara wa 30,000, alikuja siku iliyofuata akiwa na wasiwasi. Yeye hakukatwa hata senti zaidi: Januari 1,800, Februari 1,800. Ila mchango huo huandikwa kwa mistari miwili. Daraja la Kwanza lilipanda kutoka 420 hadi 480, na Daraja la Pili likashuka kutoka 1,380 hadi 1,320. Aliona mstari wa kwanza umepanda, akaamini ameibiwa. Tangu hapo naandika barua tatu: ya walio chini ya kikomo cha zamani, ya walio kati ya vikomo viwili, na ya walio juu ya kile kipya. Hawa wa mwisho nyongeza yao ilikuwa 2,160, na wengi wao mkononi walipungukiwa 1,512. Kila barua ina mfano wa mshahara mmoja ulio karibu na wa msomaji.

Kuna pia walioelemewa na mikopo ya chama cha akiba, ambao nyongeza ya NSSF inaweza kuwavusha mpaka wa makato. Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote kwa pamoja kuvuka theluthi mbili za mshahara. Watafuteni watu hao kabla ya kufunga mishahara ya mwezi, muongee nao ana kwa ana, kwa sababu huenda mpango wa mkopo ukabidi kupangwa upya.

Na mchango wa mwajiri? Kweli, kampuni nayo iliongeza 1,440, kwa hiyo akiba ya dereva inakua kwa 2,880 zaidi kila mwezi. Lakini hili nalisema mwisho, baada ya kukiri kwamba mwezi huu ana 1,008 pungufu za kodi ya nyumba na karo. Ukilitanguliza, anasikia unamwambia ashukuru.

Dereva aliomba kalamu, akaandika 1,440 − 432 pembeni ya hati yake. Kisha akauliza kama mwaka ujao atakatwa tena. Nilimwambia mshahara wake wote umeshaingia chini ya kikomo, kwa hiyo hata kikipanda hakitampata. Februari 2026 kikomo kilipofika 108,000, mstari wake wa kwanza ulipanda hadi 540, wa pili ukashuka hadi 3,060, na jumla ikabaki 3,600. Safari hiyo hakuja ofisini.