Eti Waafrika Wote Tunafikiri Sawa?

Nimepewa swali moja: je, kuna falsafa ya Kiafrika? Jibu langu ni ndiyo, ipo. Ila wengi tunaitafuta mahali ambapo haipo, na kosa hilo lilishaingia mpaka kwenye katiba yetu.

Tuanzie Kongo. Mwaka 1945 padri wa Kibelgiji, Placide Tempels, aliyefanya kazi kwa Waluba wa Katanga, alichapisha kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Alisema kwamba kwa Mbantu, kuwepo ni kuwa na nguvu, na nguvu hiyo huongezeka au hupungua. Wakati ule Wazungu wengi walidai Mwafrika hafikiri kifalsafa, kwa hiyo wasomi wetu wengi walikipokea kwa furaha. Lakini angalieni vizuri. Tempels aliona kwamba Wabantu wenyewe hawawezi kuipanga falsafa yao kwa maneno, hivyo yeye ndiye awapangie. Msemaji wake ni "Mbantu", si mtu fulani mwenye jina na hoja yake.

Paulin Hountondji wa Benin, katika kitabu chake cha mwaka 1976, aliukosoa vikali mtindo huu unaoitwa ethnofalsafa: unakusanya methali, mila na misemo, halafu unasema hii ndiyo falsafa ya kabila zima, au ya bara zima. Kwake falsafa ni hoja ya mtu anayeweza kuulizwa "kwa nini?" na akajibu. Na ethnofalsafa inachukulia kwamba katika Afrika kila mtu anakubaliana na kila mtu. Sisi wa sheria tungesema huu ni ushahidi wa kusikia: shahidi haletwi kizimbani, na hakuna wa kumhoji.

Sasa mtaniuliza, hilo linatuhusu nini? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba demokrasia ya asili ya Mwafrika ni wazee kukaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Kwa hoja hiyo, vyama vinavyoshindana vilionekana ni mambo ya kigeni. Mwaka 1964 iliundwa tume ya rais, na Mwalimu aliieleza wazi kwamba kazi yake si kuamua kama tuwe na chama kimoja, hilo lilishaamuliwa. Tume iangalie namna tu. Katiba ya Muda ya 1965 ikaweka chama kimoja kisheria, TANU Bara na ASP Zanzibar.

Hebu tuipime hoja yenyewe. Kama wazee wanazungumza mpaka wakubaliane, maana yake walianza wakiwa hawakubaliani! Pasingekuwa na ubishi, wangemaliza kwa dakika tano wakaenda kunywa pombe yao. Kwa hiyo mti ule ni ushahidi wa Waafrika kutofautiana, si wa kufikiri sawa. Na pale kwenye tume, swali kubwa kuliko yote halikufika chini ya mti.

Kwasi Wiredu wa Ghana aliliona hili vizuri. Aliutetea utaratibu wa maridhiano wa Waashanti, lakini akasema maridhiano ni kukubaliana la kufanya, si lazima kukubaliana mawazo. Aliyeshindwa kwenye hoja anabaki na msimamo wake, ila anashirikishwa kwenye uamuzi. Chama kimoja alikikataa, maana kiliua mazungumzo. Tuwe wakweli pia: hata ushindani wa vyama, ambapo mshindi anachukua vyote, hakuupenda. Hapo anatugusa na sisi, na tunadaiwa jibu.

Sasa falsafa yetu tuitafute wapi? Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alikwenda vijijini Kenya kuwahoji wazee mmoja mmoja, kwa majina yao. Aliwatenganisha wanaojua mila na kuzieleza tu, na wanaozipima na hata kuzikataa kwa sababu. Hawa wa pili aliwaita wanafalsafa, hata kama hawajui kusoma. Hapo ndipo ilipo: kwa huyo mzee anayebishana na kabila lake, na kwa Hountondji na Wiredu waliobishana na wasomi wenzao.

Kwa hiyo mkisikia mtu anasema "sisi Waafrika hatuna utamaduni wa kupingana", muulizeni maswali mawili tu. Nani alisema, kwa jina? Na aliyekuwa anambishia alikuwa nani?