Kalenda Mbili za Masomo: Mzazi Ahesabu Vipi Miezi?

Hotuba ya Afisa Elimu kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wa kidato cha sita



Nimeombwa nizungumzie jambo linalowasumbua wazazi wenye vijana wanaotarajia kusoma nje ya nchi: kwa nini mwaka wa masomo huko hauanzi wakati uleule na wa kwetu, na tofauti hiyo itugharimu nini tusipoihesabu mapema.

Katika kizio cha kaskazini, kama vile Uingereza, Ujerumani na Kanada, miezi ya joto ni Juni hadi Agosti. Shule na vyuo hufungwa wakati huo, na mwaka mpya huanza Septemba au Oktoba. Katika kizio cha kusini, kama Afrika Kusini na Australia, joto huja Desemba na Januari, hivyo vyuo hufunguliwa kuanzia Februari.

Hata hivyo, msitegemee ramani peke yake. Burundi, iliyo jirani yetu hapa Kasulu na Kibondo, ipo kusini mwa ikweta, lakini shule zake huanza Septemba, kwa kuwa mfumo wake ulirithiwa kwa Wabelgiji. Shule zetu za msingi huanza Januari, lakini vyuo vikuu vyetu hufunguliwa mwishoni mwa mwaka. Kwa hiyo ulizeni tarehe ya chuo chenyewe, wala msikisie.

Sasa tumfikirie kijana mmoja wa Kasulu. Anafanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei. Matokeo hutoka Julai. Mwaka 2024 Baraza la Mitihani liliyatangaza tarehe 13 Julai. Akienda Afrika Kusini, anayo miezi kama saba kati ya matokeo na masomo ya Februari. Hatari yake ni kudhani kwamba muda ni mwingi mno, kwani vyuo vingi vya huko hufunga maombi kati ya Julai na mwisho wa Septemba. Asiyeomba ndani ya wiki chache baada ya matokeo hungoja mwaka mzima.

Akienda Uingereza, anayo miezi miwili tu. Tuihesabu. Tuseme chuo kinathibitisha nafasi yake wiki mbili baada ya matokeo, tarehe 27 Julai. Sheria ya viza ya mwanafunzi kwa kawaida hutaka fedha za matumizi ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo bila kupungua. Mzazi akiziweka siku hiyohiyo ya 27 Julai, siku hizo zinakamilika karibu tarehe 24 Agosti. Kijana asafiri hadi Dar es Salaam kutoa alama za vidole. Tumpe wiki moja, tarehe 31 Agosti. Majibu ya viza kwa kawaida huchukua wiki tatu, yaani tarehe 21 Septemba. Ikiwa masomo yanaanza tarehe 16, amekwisha kuchelewa, na chuo kinaweza kukataa kumpokea.

Kijana huyo hakukosea chochote ila mpangilio. Fedha zingewekwa tarehe 1 Juni, zingekuwa tayari kabla ya matokeo, mradi zisiguswe hadi siku ya kuomba viza. Pasi ya kusafiria ingeombwa tangu kidato cha tano. Kipimo cha kifua kikuu, ambacho cheti chake hudumu miezi 6, kingefanyika Dar es Salaam mwezi Juni. Hapo angetoa alama za vidole tarehe 3 Agosti na kupata majibu karibu tarehe 24 Agosti.

Aidha, maombi ya chuo cha kaskazini hayangoji matokeo ya Julai. Hutumwa kijana akiwa bado darasani, kwa matokeo ya kidato cha nne na makadirio ya alama kutoka kwa walimu wake. Mkuu wa shule asipoombwa makadirio hayo kabla ya likizo ya Desemba, kazi hiyo hukwama.

Iwapo nafasi imepotea, msikubali kuuza shamba kwa haraka ili kumkimbiza kijana. Mwandikieni chuo kuomba kuahirisha nafasi hadi mwaka unaofuata, mkahakikishe jibu ni la maandishi. Vyuo kadhaa vya Uingereza hupokea pia wanafunzi Januari, na vya Australia hupokea Julai. Lakini ulizeni kwanza kama kozi yake imo, kwa kuwa si kila kozi huanza katika muhula wa pili.

Ndugu wazazi, anzeni na tarehe ya kufungua chuo, kisha mhesabu kurudi nyuma. Anayeelekea kaskazini aanze kidato cha tano. Anayeelekea kusini awe na fomu mkononi siku matokeo yanapotangazwa.