Jinsengi kwa Mgonjwa Anayetumia Wafarini

Mazungumzo ya leo yanahusu mzizi wa jinsengi, ambao pakiti zake huandikwa "ginseng". Huuzwa kama tembe katika duka la dawa, kama kahawa ya unga ya kukoroga, na kama dawa ya chupa inayopelekwa na wauzaji nyumba kwa nyumba. Wengi huununua kwa sababu ya uchovu, wengine kwa ajili ya sukari. Anayehitaji tahadhari kubwa zaidi ni yule anayemeza wafarini, yaani dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hupewa waliowekewa vali ya chuma moyoni au waliowahi kuganda damu mguuni au mapafuni.

Mwaka 1997 wafamasia wa Marekani waliandika habari za mwanamume wa miaka 47 mwenye vali ya namna hiyo. Alikuwa ametumia wafarini kwa miaka kadhaa bila matatizo, na kipimo chake cha INR kilikuwa 3.1. Kipimo hiki huonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Asiyetumia dawa huwa na takriban 1, na mwenye vali ya chuma mara nyingi huwekwa kati ya 2.5 na 3.5. Mtu huyo alianza kumeza tembe za jinsengi, na baada ya wiki mbili INR ilishuka hadi 1.5. Aliziacha, na wiki mbili baadaye kipimo kilikuwa 3.3.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu akisikia jinsengi haipatani na dawa ya damu, hudhani hatari ni kutokwa na damu tu. Kwa mgonjwa yule hatari ilikuwa kinyume: wafarini ilipungua nguvu, na damu ingeweza kuganda kwenye vali na kuleta kiharusi. Tena hakuna maumivu yanayomwonya mtu. INR hushuka kimya kimya, na hujulikana kwa kupimwa tu. Mwaka 2004 uchunguzi kwa watu 20 wenye afya ulionyesha kwamba jinsengi ya Kimarekani hupunguza nguvu ya wafarini. Uchunguzi mwingine kuhusu jinsengi ya Kikorea haukuona badiliko. Kwa hiyo hakuna anayeweza kumwahidi mgonjwa fulani kwamba yeye hatadhurika.

Ndiyo maana aina ina umuhimu. Ya Kiasia huitwa Panax ginseng: nyeupe imekaushwa tu, nyekundu imechemshwa kwa mvuke kabla ya kukaushwa. Ya Kimarekani ni Panax quinquefolius. Ile iitwayo ya Siberia, Eleutherococcus, si jinsengi kamili bali mmea wa ukoo mmoja. Kipimo cha kawaida cha Kiasia ni gramu 1 hadi 2 za mzizi mkavu kwa siku, au miligramu 200 za dawa iliyokamuliwa. Pakiti ya kahawa isiyotaja aina wala kiasi haimsaidii mtu kujua anakunywa nini.

Kuhusu sukari, uchunguzi wa Toronto wa mwaka 2000 ulitumia gramu 3 za Kimarekani, na sukari haikupanda sana kama kawaida baada ya kunywa glukosi. Walioshiriki hawakufika 20, na walipimwa kwa saa chache tu. Haiwezi kuchukua nafasi ya metformini. Na anayetumia glibenklamidi au insulini akiiongeza, sukari inaweza kushuka mno: atatetemeka, atatoka jasho jembamba, na kichwa kitamzunguka.

Sasa mchukulie mama wa Umoja mwenye vali, anayehudhuria kliniki ya moyo. Anachoka akipanda ngazi, na jirani anamletea tembe. Uchovu wenyewe ni jambo la kuchunguzwa kwanza. Huenda anapoteza damu kidogo kidogo tumboni kwa sababu ya wafarini, au vali haifanyi kazi sawasawa. Apimwe wingi wa damu na INR, na pakiti aipeleke kliniki ionekane. Ikiwa ameshaanza kumeza, aziache na awaambie wahudumu siku hiyo hiyo, bila kujiongezea wala kujipunguzia wafarini mwenyewe. INR ipimwe mara moja, na irudiwe tena baadaye, kwa sababu inaweza kupanda jinsengi inapotoka mwilini. Dozi iliyokuwa imeongezwa wakati huo inaweza kuwa kubwa mno.

Wanaomeza aspirini au klopidogreli nao wamwulize daktari, kwani kwao ni kutokwa na damu kunakohofiwa zaidi. Anayesubiri upasuaji aache jinsengi angalau siku 7 kabla.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea ghafla au choo kikiwa cheusi kama lami, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, pamoja na tembe zote alizokuwa akimeza.