Kutoka Rimu ya Inchi 15 hadi 18: Kinachopungua Ubavuni mwa Tairi



Tuchukue tairi ya 195/65R15, inayofungwa kwenye magari kama Premio na Allion. Ubavu wake ni asilimia 65 ya upana wa milimita 195, yaani karibu milimita 127. Ukijumlisha ubavu wa juu, wa chini na rimu, kimo cha gurudumu ni milimita 634.

Mteja akitaka rimu ya inchi 17, tairi ya 225/45R17 inampa kimo kilekile. Ya 225/40R18 inazidi kwa milimita 3 tu. Kwa hiyo spidomita haina ugomvi na rimu kubwa, mradi hesabu ifanywe. Ugomvi huanza pale mteja anapookota tairi za mtumba za 225/55R17 kwa sababu ni rahisi. Kimo kinafika milimita 679, zaidi ya awali kwa asilimia 7. Gurudumu linazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, na spidomita huhesabu mizunguko. Ikiwa awali ilisoma sawasawa, sasa ikionyesha 80 gari liko karibu 86. Spidomita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, maana kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa hairuhusu zisome pungufu ya mwendo halisi. Akiba hiyo ndiyo inayoliwa. Kilomita za kubadili oili nazo husomeka pungufu.

Hasara isiyokwepeka kwa hesabu yoyote iko ubavuni. Kwenye 225/40R18 umebaki na milimita 90. Ubavu ndio unaojikunja kabla ya springi na shokapu kufanya kazi, kwa hiyo kila kiraka cha lami kinafika kwenye kiti, na bushi zinabeba zaidi. Ukiingia shimo lenye ukingo mkali, ubavu unabanwa kati ya ukingo na rimu, na nyuzi za ndani zinakatika. Baadaye hutokea uvimbe ubavuni. Tairi hiyo haizibwi wala haitiwi tyubu, inatupwa. Usipouona uvimbe, sikiliza usukani unaotetemeka au upepo unaopungua taratibu, kisha uzungushe gurudumu kwenye mashine ya balansi utazame mdomo wa ndani wa rimu. Nje huwa safi, ndani kumepinda.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni mzigo. Tairi ya awali ina namba 91, kilo 615. Ya 225/40R18 ya kawaida ina namba 88, kilo 560. Iliyoandikwa XL ina 92, kilo 630, lakini huubeba mzigo huo kwa upepo wa karibu psi 42. Ukiiacha kwenye kipimo cha kibandiko cha mlangoni, haibebi kiasi hicho na inabanwa kirahisi. Ukiiongeza, inakuwa ngumu zaidi.

Kwa gari linalopita barabara za vumbi na matuta, mimi naishia 205/55R16. Kimo kinapungua chini ya nusu asilimia, na ubavu bado una milimita 113.