Mishuko Isiyoonekana: Kupima Mabomba na Nyaya za Umeme wa Nyumba kutoka kwenye Ramani



Ramani ya umeme huchorwa kana kwamba tunaitazama nyumba kutoka juu. Inatuonyesha soketi iko ukuta gani, lakini haituonyeshi iko chini kiasi gani. Ndiyo maana makadirio mengi hupungukiwa waya hata pale rula iliposhikwa kwa uangalifu.

Kabla ya kupima chochote, ihakikini skeli. Ramani iliyotolewa kopi mara nyingi huwa imesinyaa. Tafuteni kipimo kilichoandikwa, mfano chumba cha mita 4, mkipime kwa rula. Katika skeli ya 1:100 kinapaswa kuwa milimita 40. Mkikuta 37, basi kila milimita ya karatasi ni kama milimita 108 za ukweli, na mstari wa milimita 62 ni mita 6.7, si 6.2.

Sasa tuchukue sakiti moja ya soketi mbili za chumba cha kulala, kwenye ramani ambayo skeli yake ni sahihi. Kutoka meni swichi hadi juu ya soketi ya kwanza ni milimita 62, na kutoka hapo hadi juu ya soketi ya pili ni milimita 40. Nimepima nikifuata kuta na kona, kwa sababu ndivyo fundi anavyolaza bomba. Jumla ya mlalo ni mita 10.2. Mkadiriaji mwenye haraka huzidisha kwa nyaya tatu, yaani moto, nyutro na ethi, na kuandika mita 30.6.

Tuongeze urefu wa kusimama. Mabomba yanapita juu ya dari, mita 3 kutoka sakafuni. Soketi ziko mita 0.4 kutoka sakafuni, hivyo kila mshuko ni mita 2.6. Juu ya meni swichi ni mita 1.8, kwa hiyo kupanda hadi darini ni mita 1.2. Bomba basi ni 10.2 + 1.2 + 2.6 + 2.6, yaani mita 16.6. Kwa mabomba ya mita 3, hayo ni sita.

Kwenye waya ndipo wengi huteleza. Bomba la mshuko wa soketi ya kwanza ni moja, lakini nyaya tatu zinashuka kuiletea umeme, na nyingine tatu zinapanda tena kuelekea soketi ya pili. Mshuko huo una nyaya sita. Kipande cha kwanza ni 1.2 + 6.2 + 2.6, yaani mita 10, mara tatu ni 30. Cha pili ni 2.6 + 4 + 2.6, yaani mita 9.2, mara tatu ni 27.6. Ongezeni ncha za kufungia: nusu mita kwa kila waya kwenye meni swichi, na sentimita 20 kwa kila ncha kwenye visanduku vya soketi, ambazo ni tisa. Hizo ni mita 3.3. Jumla inafika mita 60.9, karibu mara mbili ya makadirio ya kwanza. Kwa kuwa waya huuzwa kwa rangi, andikeni mita 20.3 kwa kila rangi.

Wapo wanaosema wataongeza asilimia kumi ya tahadhari. Hapa asilimia kumi ya 30.6 ni mita tatu tu, na upungufu ni mita thelathini. Asilimia ni ya vipande vinavyobaki na makosa madogo. Haiwezi kushika nafasi ya mishuko.

Ulizeni pia mabomba yanapita wapi. Sakiti hiyohiyo ikilazwa chini ya sakafu, soketi inahitaji kupandishiwa mita 0.4 tu, na meni swichi inateremshiwa mita 1.8. Waya unashuka hadi mita 42.9 pamoja na ncha. Ramani haikubadilika hata mstari mmoja, lakini mita 18 zimeondoka.

Kwa taa hesabu ni nyepesi zaidi. Swichi iliyo mita 1.3 kutoka sakafuni ina mshuko wa mita 1.7, nao hubeba waya wa moto unaoshuka, unaorudi kwenye taa, na ethi. Swichi za njia mbili, kama za koridoni, zinahitaji nyaya zaidi kati ya swichi na swichi. Kwa hiyo choreni vistari vidogo juu ya kila mstari wa bomba kuonyesha idadi ya nyaya zilizomo, kisha zidisheni kipande kwa kipande.

Ombi langu kwenu ni hili: kabla ya kuweka rula, andikeni pembeni mwa ramani kimo cha dari, cha swichi, cha soketi na cha meni swichi, pamoja na njia ya mabomba. Kama mwenye nyumba au msanifu hajavitaja, msitoe bei mpaka avitaje.